Safu Saba, Viti Sita

Mama mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki mjini Thika hana akaunti ya benki ya biashara. Wateja humlipa kwa M-Pesa, kwenye laini ile ile anayotumia kununua tokeni za stima na kumtumia mjukuu nauli. Aprili 2025 aliniita nimwingizie hesabu za miezi mitatu kwenye Xero, programu ya uhasibu aliyofunguliwa na mwanawe. Nilipomuuliza daftari la mauzo liko wapi, aliinua simu. “Mwanangu, pesa yote hupita hapa.”

Alisema kweli. Taarifa ya M-Pesa ni kumbukumbu kamili kuliko madaftari mengi ya maduka niliyoyashika. Kila shilingi iliyoingia au kutoka ina tarehe, saa na hata sekunde. Ina nambari yake ya risiti, na pembeni limeandikwa salio lililobaki baada ya muamala huo. Mama aliiomba kupitia `*334#`, ikaja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa nambari ya siri. Kilichobaki ni kulitoa jedwali ndani ya PDF na kulipanga upya lifanane na kiolezo ambacho Xero hukipokea. Nilikadiria saa moja. Ilinichukua siku mbili, na siku ya pili yote niliitumia kulitafuta kosa nililolifanya mwenyewe siku ya kwanza.

Jedwali la M-Pesa lina safu saba: `Receipt No.`, `Completion Time`, `Details`, `Transaction Status`, `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Kiolezo cha Xero cha kuingizia taarifa za benki kina sita, na kichwa chake huandikwa hivi:

```
*Date,*Amount,Payee,Description,Reference,Check Number
```

Zenye nyota ni za lazima: tarehe na kiasi. Nyingine zinaweza kubaki wazi, ingawa anayeziacha wazi atajuta baadaye atakapotaka kujua nani alilipwa nini. Kwa haraka mtu angedhani hii ni kazi ya kuhamisha tu: safu hii iende pale, ile ije hapa, moja itakayokosa nafasi itupwe. Lakini ukiyatazama majedwali hayo mawili utaona hakuna hata safu moja inayohama kama ilivyo, isipokuwa nambari ya risiti. Wakati hukatwa ukawa tarehe. Safu mbili za fedha hugeuka moja. Maelezo ya muamala hupasuliwa mara mbili. Hali ya muamala haihami popote. Kazi yake ni kuchuja. Na salio halina kiti kabisa upande wa pili, nalo ndilo lililoniokoa.

Kabla ya kupanga chochote, lazima jedwali litoke likiwa zima. Excel ya sasa kwenye Windows husoma majedwali ya PDF kwa njia ya `Data`, `Get Data`, `From File`, `From PDF`, ila faili iliyofungwa kwa nambari ya siri sharti kwanza ifunguliwe na kuhifadhiwa upya bila kufuli. Kitakachojitokeza hakitakuwa jedwali moja. Kila ukurasa huja kama jedwali lake. La kwanza kabisa mara nyingi si orodha ya miamala hata kidogo, ni ule muhtasari wa juu unaojumlisha fedha kwa aina: za kutumiwa, za kutuma, za wakala, za Paybill, mpaka jumla kuu. Usiuchanganye na miamala, ila usiutupe pia. Andika pembeni jumla zake mbili, ya zilizoingia na ya zilizotoka. Zitakufaa.

Shida kubwa ya uchimbaji huu ni mistari iliyovunjika. Nafasi ya `Details` kwenye ukurasa ni nyembamba, kwa hiyo maelezo marefu hushuka mstari wa pili na wa tatu. Macho ya binadamu huona kisanduku kimoja. Programu inayochimba huweza kuona mistari mitatu, na mistari miwili kati yake haina risiti, haina tarehe, haina fedha, ina kipande cha jina tu. Dalili yake ni rahisi kuiona: popote ambapo `Receipt No.` iko tupu, mstari huo ni mkia wa mstari ulio juu yake. Maneno yake yapandishwe yaungane na ya juu, kisha mstari mtupu ufutwe. Anayeifuta mikia hiyo bila kuipandisha hapotezi fedha, lakini hupoteza majina, na nambari za akaunti za Paybill ambazo kwa kawaida huwa mwishoni kabisa mwa maelezo.

Jambo la mwisho kabla ya kupanga: ongeza safu ya nambari, 1, 2, 3 mpaka mwisho, inayoshika mfuatano wa mistari kama ulivyotoka kwenye PDF. Taarifa ya M-Pesa huanza na muamala wa karibuni na kurudi nyuma. Muamala na makato yake hubeba sekunde ile ile, hivyo ukipanga mistari kwa wakati, miwili hiyo inaweza kubadilishana nafasi na hutajua upi ulitangulia. Ile safu ya nambari ndiyo njia pekee ya kurudi.

Tuichukue siku moja, tarehe 4 Machi 2025. Nambari za risiti nimezibadilisha na majina nimeyaondoa, lakini sura ya mistari ni hiyo hiyo. Hali ya muamala, ambayo kwa yote ni `Completed`, nimeiacha ili mistari ienee.

```
TC47M1X8QZ | 2025-03-04 17:52:06 | Funds received from - 2547******306 MTEJA         | 6,500.00 |           | 21,013.00
TC43H9K2LD | 2025-03-04 12:20:41 | Customer Transfer of Funds Charge                 |          |     57.00 | 14,513.00
TC43H9K2LD | 2025-03-04 12:20:41 | Customer Transfer to - 2547******418 MUUZAJI      |          |  4,200.00 | 14,570.00
TC41B6T0WP | 2025-03-04 09:05:13 | Pay Bill to 000000 - MWENYE NYUMBA Acc. DUKA 7    |          | 12,000.00 | 18,770.00
```

Asubuhi mama alilipa kodi ya duka shilingi 12,000. Saa sita mchana na dakika ishirini akamtumia muuzaji wa jumla 4,200, akakatwa 57. Jioni mteja akamlipa 6,500.

Tarehe ndiyo iliyo nyepesi, kwa sababu M-Pesa huiandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na mpangilio huo hausomeki kwa namna mbili. Unachukua herufi kumi za mwanzo, unazigeuza kuwa tarehe halisi, unaionyesha kwa mtindo ambao kampuni yako imeuchagua ndani ya programu. Kwa jedwali lililoanzia safu A, ambapo wakati uko B, fomula ni hii:

```
=DATEVALUE(LEFT(B2,10))
```

Hatari huja baadaye, faili ikishahifadhiwa kama CSV. CSV ni maandishi matupu, haikumbuki kwamba `04/03/2025` ni siku ya nne ya Machi. Ukiifungua tena kwenye kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kimarekani, itasomwa kuwa tarehe 3 Aprili, na ukiihifadhi kosa limeingia. Tarehe 13 na kuendelea hazisomeki hivyo maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo hubaki maandishi. Hapo ndipo unapolibaini kosa: kwenye safu moja, tarehe nyingine zimeegemea kulia kama namba na nyingine zimeegemea kushoto kama maneno. Ukiona hivyo usijaribu kusahihisha moja moja. Itupe CSV hiyo, rudi kwenye jedwali la asili, toa nyingine, na safari hii usiifungue kwa Excel kabla ya kuiingiza.

Fedha zinataka uangalifu zaidi. M-Pesa ina safu mbili, Xero inataka moja tu ya kiasi, ambayo fedha iliyoingia ni chanya na iliyotoka ni hasi. Inaonekana ni kutoa tu: `Paid In` ukiondoa `Withdrawn`. Lakini nimeshika taarifa ambazo safu ya `Withdrawn` inaandikwa namba tupu, na nimeshika nyingine ambazo namba hizo tayari zina alama ya kutoa mbele. Ukiondoa hasi unaongeza. Kodi ya shilingi 12,000 inageuka pato la shilingi 12,000, na programu haitalalamika hata kidogo, kwa kuwa kwake namba ni namba. Ndiyo maana fomula huivua kwanza alama yoyote iliyopo, kisha ndipo itoe:

```
=IF(E2="",0,VALUE(E2))-ABS(IF(F2="",0,VALUE(F2)))
```

`E` ni `Paid In`, `F` ni `Withdrawn`, na jibu liko `H`. Nimetumia `VALUE` kwa makusudi. Namba zinazotoka kwenye PDF mara nyingi ni maandishi yanayofanana na namba, zenye koma za maelfu na pengine nafasi tupu isiyoonekana. `VALUE` ikishindwa kukisoma kisanduku hupiga kelele, huandika `#VALUE!`, nawe unakwenda kukitazama. Kuna njia nyingine fupi ambazo kisanduku kisichosomeka hukihesabu kuwa sifuri na kuendelea kimya kimya. Katika kazi ya fedha heri kosa linalopiga kelele.

Koma hizo za maelfu ziondoke kabla ya kuhifadhi CSV. Faili ya aina hii hutenganisha safu kwa koma, kwa hiyo `6,500.00` isiyozungushiwa alama za kunukuu inaweza kusomwa kuwa safu mbili: sita katika moja, mia tano katika inayofuata, na kila kitu cha mstari huo kikasogea hatua moja kulia. Mpe namba mtindo wa `6500.00` na uendelee.

Hapa nisimame kidogo kwa wale ambao programu yao si Xero, maana jambo la pande mbili za fedha huwapoteza hata waliosomea uhasibu. QuickBooks Online hukubali aina mbili za faili: yenye safu tatu, `Date`, `Description`, `Amount`, au yenye safu nne, ambamo kiasi kimegawanywa kuwa `Credit` na `Debit`. Anayeelekeza safu za M-Pesa kwenye hizo nne lazima ajue maneno hayo yanasemwa na nani. Katika leja ya duka, fedha ikiingia benki huandikwa debiti, maana mali imeongezeka. Katika taarifa ya benki, fedha hiyo hiyo ni krediti, kwa sababu benki huandika kwa upande wake: fedha yako iliyomo kwake ni deni analodaiwa. Kiolezo cha QuickBooks cha miamala ya benki hufuata upande wa benki, hivyo `Paid In` huenda `Credit`, na `Withdrawn` huenda `Debit`. Visanduku visivyo na fedha viachwe wazi, visiwekwe sifuri. Lakini ukiwa unaingiza maingizo ya jono kwenye leja yenyewe, upande unageuka: fedha iliyoingia ni debiti ya akaunti ya M-Pesa. Jina la safu ni lile lile, maana ni kinyume. Kuoanisha majina ya safu bila kuuliza ni nani anayezungumza ndiko kunakozaa hesabu zilizopinduka, mauzo yakawa matumizi.

Turudi kwa mama. Safu ya `Details` hubeba mambo matatu kwa pamoja: aina ya muamala, nani wa upande wa pili, na wakati mwingine nambari ya akaunti. Kwa mpangilio wa Xero, jina linakwenda `Payee` na kilichobaki kinakwenda `Description`. Kistari chenye nafasi pande zote ndicho mpaka. Kilicho baada yake ni jina, pamoja na sehemu ya nambari ya simu iliyofichwa kwa nyota. Zile tarakimu tatu za mwisho nimejizoeza kuzihifadhi karibu na jina. Wateja wawili wanaweza kuwa na jina moja, lakini ni nadra jina na tarakimu hizo vigongane, na muuzaji wa jumla anayelipwa kila wiki hutambulika mara moja. Neno `Acc.` kwenye Paybill nalihesabu mpaka wa pili. Kinachofuata hapo, kama `DUKA 7`, si jina la mtu, kiende kwenye maelezo. Mama alikuwa anakodi vibanda viwili kwa mwenye nyumba mmoja. Bila kipande hicho kidogo kodi zote mbili zingekuwa kitu kimoja kwenye vitabu.

Mistari ya makato haina kistari wala jina. Iache `Payee` yake wazi au uandike jina la kampuni ya simu, mradi ufanye hivyo hivyo kwa yote, kwa sababu baadaye utataka kuiagiza programu iipeleke mistari yote ya namna hiyo kwenye gharama za benki kwa mpigo mmoja.

Nambari ya risiti inaingia `Reference`. Hapa ndipo nilipokosea. Siku ya kwanza nilikuwa nimezipata taarifa mbili, ya Januari hadi katikati ya Machi na ya Machi nzima. Nusu ya Machi ilikuwa imejirudia. Nikawaza: kila muamala una risiti yake, basi niiambie Excel ifute kila mstari ambao risiti yake imekwisha kuonekana. Nikabofya `Remove Duplicates`, nikachagua safu ya risiti pekee, na marudio yakaisha. Nikaingiza kwenye Xero jioni hiyo. Asubuhi nikalinganisha salio la programu na salio la simu ya mama. La programu lilikuwa juu kwa zaidi ya shilingi elfu tatu.

Angalia tena mistari miwili ya katikati kwenye mfano wetu. Shilingi 4,200 na makato ya 57 zina risiti moja, `TC43H9K2LD`. Risiti ni ya tukio, si ya mstari, na tukio moja la kutuma fedha huzaa mistari miwili. Nilipofuta risiti zilizojirudia, nilifuta pia upande mmoja wa kila jozi ya namna hiyo. Kwa bahati nyingi zilizofutika zilikuwa makato, ndiyo maana tofauti ilikuwa ndogo. Kama mpangilio ungekuwa mwingine ningefuta miamala yenyewe na kuyabakiza makato. Njia sahihi ya kuondoa marudio ni kulinganisha risiti pamoja na wakati, maelezo, kiasi na salio. Mstari uliofanana kwa yote hayo ndio uliojirudia kweli. Na njia iliyo bora zaidi ni kuomba taarifa zisizopishana: moja iishe tarehe 28 Februari, nyingine ianze tarehe 1 Machi.

Mama alinisikiliza nikimweleza kwa nini vitabu vyake vya jana si sahihi. Aliuliza swali moja: “Sasa utajuaje kwamba vya leo ni sahihi?”

Jibu liko kwenye safu niliyokuwa nimeitupa. `Balance` haina kiti kwenye kiolezo cha Xero, kwa hiyo nilikuwa nimeifuta mapema nisafishe jedwali. Lakini salio ni ushahidi wa kampuni yenyewe, mstari kwa mstari, juu ya kilichotokea. Salio la muamala uliotangulia, ukijumlisha kiasi cha muamala huu, lazima litoe salio la muamala huu. Kwa kuwa taarifa inakwenda kutoka karibuni kurudi nyuma, uliotangulia uko chini. Hivyo, kabla ya kupanga upya mstari wowote, safu ya jaribio huandikwa hivi:

```
=ROUND(VALUE(G3)+H2-VALUE(G2),2)
```

`G` ni salio. Kila jibu liwe sifuri. Kwenye mfano wetu: 18,770 ukiondoa 4,200 ni 14,570. Ondoa 57, inabaki 14,513. Ongeza 6,500, unapata 21,013. Mnyororo haujakatika. `ROUND` ipo kwa kuwa kompyuta hushika senti kwa makadirio madogo sana, na bila kuikata utaona vijisehemu vya senti vinavyokutisha bure. Mstari wa chini kabisa hauna wa kulinganishwa nao, huo ndio unaokupa salio la kuanzia: chukua salio lake, ondoa kiasi chake. Kwenye siku yetu ni 18,770 ukirudisha 12,000 iliyotoka, yaani 30,770, na hiyo ndiyo namba inayopaswa kusimama kama salio la ufunguzi kabla ya siku hiyo.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba linapokataa halikuambii tu kwamba kuna kosa, linakuonyesha mahali na hata aina yake. Jibu likiwa sawa na kiasi cha muamala unaoweza kuuona kwenye PDF lakini huuoni kwenye jedwali, mstari umepotea hapo. Jibu likiwa mara mbili ya kiasi cha mstari wenyewe, alama imegeuka: kilichotoka kimeandikwa kimeingia. Na taarifa ikiwa ilipigwa picha na maandishi yakasomwa na mashine, tofauti inayogawanyika kwa tisa huashiria tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 5,400 ikawa 4,500. Wahasibu walikuwa wakiitumia alama hiyo ya tisa tangu enzi za leja za karatasi.

Niliirudisha safu ya salio, nikaweka jaribio, nikashuka nalo mistari yote ya miezi mitatu. Jozi zote za makato zilikuwa zimekaa. Lakini kulikuwa na majibu machache yasiyo sifuri, yametawanyika kwa mwachano unaokaribia kuwa sawa. Nilichukua PDF, nikaitafuta mistari hiyo, na kila moja ilikuwa ya mwisho wa ukurasa. Excel ilikuwa imeichukua miamala ya kwanza ya baadhi ya kurasa ikidhani ni vichwa vya safu. Kwenye ukurasa ambao vichwa havikuchapishwa tena, mstari wa juu kabisa ndio uliopandishwa kuwa kichwa, ukaliwa. Majibu ya jaribio yalikuwa kiasi cha miamala hiyo hiyo, hadi senti. Nikaishusha kutoka vichwani, safu yote ikawa sifuri, na jumla ya zilizoingia na zilizotoka zikalingana na zile za muhtasari nilizokuwa nimeandika pembeni.

Kuna vishawishi viwili vya kufuta mistari ambavyo jaribio hili hulipinga. Cha kwanza ni matumizi ya nyumbani. Mama alitaka niziondoe tokeni za stima na nauli za mjukuu: “Hayo si ya duka, mwanangu.” Ni kweli si ya duka, lakini yalitoka kwenye laini ya duka, na yakifutwa salio la vitabu halitakutana kamwe na salio la simu. Yanaingizwa kama mengine. Ndani ya programu ndipo yanapopelekwa kwenye akaunti ya fedha alizochukua mwenye mali, wala hayagusi faida. Cha pili ni Fuliza, mkopo wa papo hapo ulioanza 2019, unaomwezesha mtu kutuma kuliko alichonacho. Kwenye taarifa fedha ya Fuliza huonekana chini ya `Paid In`, na mtu mwenye haraka huihesabu mauzo. Irukie kwenye `Amount` ikiwa chanya, kwa kuwa iliingia kweli, lakini ipelekwe kwenye madeni, na marejesho yake yaipunguze huko huko. Safu ya kiasi husema fedha imeelekea wapi. Haisemi ni fedha ya nini, na hakuna kiolezo kitakachokuamulia hilo.

Kuhusu `Transaction Status`, karibu kila mstari niliowahi kuuona umeandikwa `Completed`. Ukikuta neno jingine uweke mstari huo kando, kisha tazama kama mnyororo wa salio unakatika bila huo. Ukikatika, fedha ilitembea na mstari urudi. `Check Number` inabaki tupu, maana M-Pesa haina hundi.

Siku yetu ya Machi, ikishavuka upande wa pili, inasomeka hivi:

```
*Date,*Amount,Payee,Description,Reference,Check Number
04/03/2025,6500.00,MTEJA 306,Funds received,TC47M1X8QZ,
04/03/2025,-57.00,,Customer Transfer of Funds Charge,TC43H9K2LD,
04/03/2025,-4200.00,MUUZAJI 418,Customer Transfer,TC43H9K2LD,
04/03/2025,-12000.00,MWENYE NYUMBA,Pay Bill Acc. DUKA 7,TC41B6T0WP,
```

Niliufuta uingizaji wa jana, nikaingiza mwezi mmoja tu kwanza, Januari. Xero huonyesha safu za faili yako na kukuuliza kila moja iende wapi, nami nilisoma kila jibu kwa sauti kabla ya kukubali. Nililinganisha salio la mwisho wa Januari na la PDF, ndipo nikaruhusu Februari na Machi. Ile faili ya Excel yenye safu zote saba, nambari za mfuatano na jaribio la salio, niliihifadhi kwenye folda ya mama pamoja na PDF yenyewe.

Jioni mama alifungua salio la tarehe 31 Machi kwenye taarifa yake, nami nikalifungua kwenye Xero. Alizisoma tarakimu zake moja moja, kidole kikifuata kioo, kisha akazisoma zangu. Alipofika kwenye senti alivua miwani, akaniuliza kama tunaweza kuanza Aprili kesho.